Mraba wa Kilomita Moja

Darasani walimwita Futi, kwa sababu siku ya kwanza aliingia na futi ya kushonea ikimning'inia shingoni, akaketi, akatoa daftari, na hakukumbuka kuivua mpaka kipindi kilipokwisha. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mchana alifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, chumba chenye vyerehani kumi na vinne na feni moja iliyozunguka ikipenda. Jioni, kabla jua halijazama, alivuka barabara na kuingia kituo cha watu wazima kusoma masomo aliyoyaacha akiwa kidato cha tatu, mwaka ule mama yake alipofariki na kumwachia wadogo watatu wa kulea.

Hakurudi shule kwa kupenda sifa. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kuanzia mwaka ujao hakuna atakayesimama mbele ya wanafunzi bila cheti cha sekondari. Wale aliowafundisha yeye kukata kola na kutia zipu walikuwa na vyeti. Yeye aliyewafundisha hakuwa nacho. Masomo mengine alikwisha kuyapata. Lilibaki moja, jiografia, na jiografia ilimkwamisha mwaka uliopita kwa alama chache tu.

Siku tunayoizungumzia, Mwalimu wa jiografia alirudisha karatasi za mtihani wa majaribio. Wanafunzi walimwita Kontua, kwa ajili ya mikunjo ya kipaji cha uso wake iliyopangana mmoja juu ya mwingine kama mistari ya mwinuko kwenye ramani. Yeye alilijua jina hilo na alijifanya halijui. Alikuwa mtu mkali lakini mwenye haki, na mtihani wake wa majaribio haukuwa mchezo: alichukua mtihani wa taifa wa miaka ya nyuma, mzima kama ulivyo, akausahihisha kwa mwongozo wa wasahihishaji. Aliyefikia hamsini kati ya mia aliandikishwa na kituo kufanya mtihani wa taifa. Aliyeanguka alisubiri mwaka mwingine. Orodha ingepelekwa Ijumaa, na siku ile ya kurudishiwa karatasi ilikuwa Jumatatu.

Futi alipata arobaini na nne.

Aliitazama ile namba kama mtu anayetazama nguo aliyoikata vibaya, asijue aanzie wapi kuinusuru. Kisha akafunua ukurasa wa swali la ramani, kwa kuwa huko ndiko alikotumia saa nzima na rula, uzi na kipimapembe. Daraja la mto alilitaja kwa namba sita za gridi, 342715, akianza na mistari ya wima kabla ya ile ya mlalo kama walivyofundishwa. Alama zote. Mwelekeo kutoka darajani kwenda sokoni, digrii hamsini na nane kutoka kaskazini. Alama zote. Urefu wa barabara kutoka darajani hadi njia panda, kilomita nne na mita mia nne hamsini. Mkwaju mwekundu, sifuri kati ya nne. Mwongozo ulitaka kilomita sita na mita mia tatu. Mteremko wa kipande kilichonyooka, kutoka darajani hadi sokoni, moja kwa saba. Sifuri kati ya tano. Mwongozo ulitaka moja kwa kumi.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba wenzake sita waliandika kilomita sita na mita mia tatu, bila kukosea hata kidogo, na mmoja wao alikuwa hajui kushika rula.

Baada ya kipindi Mwalimu alimwita pembeni. Hakumkaripia. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kusoma ramani anajua, kipimapembe anakijua, ila mkono wake hautulii kwenye kupima umbali, na swali hilo huwezi kulikwepa. Akamshauri apumzike mwaka huu, afanye mazoezi polepole. Futi aliitikia, "Sawa, Mwalimu," maana alijua akiongeza neno la pili machozi yatamwaibisha. Mkono usiotulia. Yeye, aliyekuwa akipima mabega ya watu kwa miaka kumi na minane.

Nyumbani mume wake, dereva wa lori la kokoto, alimkuta ameshika tama mezani, chai imepoa. Alivua viatu, akaketi, akauliza kulikoni. Futi akamweleza yote, na kwa kuwa mume hakuwahi kusoma jiografia ikabidi amweleze na mteremko ni kitu gani: unatazama kontua, unajua darajani ni mita elfu moja mia mbili na ishirini juu ya usawa wa bahari, sokoni ni mita elfu moja mia sita na ishirini, kwa hiyo umepanda mita mia nne. Halafu unapima umbali wa mlalo kwenye ramani. Ramani inasema moja kwa elfu hamsini, yaani sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Yeye alipata sentimita tano na milimita sita na nusu, ambazo ni mita elfu mbili mia nane na ishirini na tano. Ukigawanya kwa mia nne unapata saba. Kila mita saba unazokwenda mbele, unapanda mita moja.

Mume alisikiliza kwa makini, kisha akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Mke wangu, barabara hiyo haipo."

"Haipo vipi? Ipo kwenye ramani, imechorwa nyekundu. Barabara kuu ya lami."

"Ndiyo nasema. Moja kwa kumi nimewahi kuipanda na mzigo, gia ya kwanza, umeshika usukani kama umeshika roho yako. Moja kwa saba, karibu kilomita tatu mfululizo, barabara kuu? Nani ataijenga? Mabasi yangerudi kinyumenyume."

Futi alimwambia basi ndiyo hivyo, yeye ndiye aliyekosea kupima. Mume akasema hilo ndilo asiloliamini. Suruali alizomshonea, alisema, hazijawahi kumpwaya wala kumbana tangu wameoana, na tumbo lake limebadilika mara tatu.

Usiku alilala vibaya, lakini asubuhi kazi haikumsubiri apone. Siku hiyo alikuwa na somo la kuandaa ruwaza, zile karatasi za umbo ambazo kitambaa hukatwa kwa kuzifuata. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alileta ruwaza ya gauni la mtoto aliyoitoa fotokopi kutoka kitabuni, akakata kitambaa, na kipande cha mbele kikatoka kidogo kama cha mwanasesere. Alikuwa karibu kulia. Futi akafanya kile alichokuwa akikifanya kila muhula: aliwakusanya wote, akainua ile karatasi, akawaonyesha kona ya chini.

Kulikuwa na mraba mdogo mtupu. Kila ruwaza nzuri ina mraba wa namna hiyo, alieleza, na chini yake imeandikwa upana wake unaotakiwa. Kabla hujatia mkasi, pima mraba. Mashine ya fotokopi haisomi maandishi. Ukiibana picha ili ienee kwenye karatasi ndogo, mashine inapunguza kila kitu, lakini namba iliyoandikwa inabaki vilevile. Mraba umeandikwa sentimita tano. Akaweka futi. Sentimita tatu na nusu.

"Kwa hiyo maandishi yanasema kweli au karatasi inasema kweli?" aliuliza, kama alivyouliza miaka yote.

Na hapo sauti ikamkatika. Wanafunzi walidhani amepaliwa. Aliwaambia waendelee, akaenda kwenye kabati lake, akatoa karatasi ya mtihani kutoka mkobani, akaitandaza juu ya meza ya kukatia.

Ramani ya mtihani wa taifa huja kwenye karatasi kubwa. Hii ilikuwa kwenye karatasi ya kawaida, sehemu ya chini imekatwa, na ule mstari wa kipimio uliogawanywa kilomita kwa kilomita haukuwepo. Yalibaki maandishi tu: 1:50,000. Mistari ya gridi ilikuwapo yote. Kila mraba wa gridi ni kilomita moja kwa kilomita moja, na kwa kipimio hicho kila upande ulipaswa kuwa sentimita mbili kamili. Futi alipima mmoja: sentimita moja na milimita nne. Hakutaka kuamini mraba mmoja, maana kwenye kitu kidogo upana wa kalamu tu unakudanganya. Akapima kumi kwa mpigo. Sentimita kumi na nne na milimita moja.

Kilomita kumi zilikuwa zimelala ndani ya sentimita kumi na nne na kidogo. Ramani iliyokuwa mbele yake ilikuwa imepungua mpaka karibu moja kwa elfu sabini na moja.

Alichukua uzi, akaulaza tena juu ya barabara, kona kwa kona, akaubana kwa kucha. Sentimita nane na milimita tisa, zilezile za mtihani. Mkono ulikuwa umetulia. Safari hii aligawanya kwa sentimita moja na nukta nne moja badala ya mbili. Kilomita sita na mita mia tatu. Kipande cha sokoni kikatoka kilomita nne, na mita elfu nne kugawanya kwa mia nne ni kumi. Moja kwa kumi. Barabara ya mume wake.

Alikaa juu ya stuli. Alijihisi mwepesi, halafu akashikwa na hasira, halafu akaona kitu kingine kilichomnyima raha.

Saa kumi na nusu alibisha hodi chumba cha walimu. Mwalimu alikuwa peke yake, anapanga orodha ya Ijumaa kwa wino wa buluu. Futi alimwamkia, akaomba dakika kumi, akaitandaza karatasi. Hakusema umekosea. Alimwomba tu apime miraba kumi ya gridi.

Mwalimu alipima. Mikunjo ya kipaji ikakaribiana. Akapima tena akianzia upande mwingine. Akasema rula za siku hizi haziaminiki, akatoa rula yake ya chuma kutoka kwenye droo. Sentimita kumi na nne na milimita moja. Akasema kwamba ramani hiyo ameitumia miaka kumi na moja, kwamba alirithi rundo la nakala kutoka kwa mwalimu aliyemtangulia, na kwamba siku zote wapo wanafunzi waliopata kilomita sita na mita mia tatu. Wangewezaje kuipata kama ramani ina kasoro?

Futi alikuwa na jibu, lakini halikuwa lake kulitoa. Majibu ya mtihani ule yalikuwa yakizunguka katika simu za watu muhula mzima. Waliopima kwa haki hawangeweza kamwe kuifikia ile namba. Waliofika ni wale waliokuja nayo kutoka nyumbani.

Hakulazimika kusema. Mwalimu mwenyewe alitazama rundo la karatasi zilizosahihishwa, akavuta moja ya wale sita, akatafuta mahali mwanafunzi alipoonyesha kazi yake. Hapakuwa na kazi. Akavuta ya pili. Ya tatu.

Alisimama, akafungua kabati la chuma lililokuwa na vumbi la miaka, akatoa bomba refu la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na ramani halisi ya mtihani ule, kubwa, yenye rangi, buluu ya mto na kahawia ya kontua, na chini yake mstari wa kipimio mzima. Wawili wale waliinyoosha, wakaibana pembe kwa vitabu. Mraba mmoja: sentimita mbili. Uzi juu ya barabara: sentimita kumi na mbili na milimita sita. Kilomita sita na mita mia tatu.

"Ule mstari wa chini ungetuokoa," alisema Mwalimu taratibu. "Mstari unapungua pamoja na ramani. Namba haipungui. Hili nalifundisha kila mwaka, wiki ya pili. Nalifundisha kwa mdomo wangu."

"Namba za gridi ziko sawa," Futi alisema, akitaka kumpunguzia. "Mwelekeo nao uko sawa. Pembe haipungui."

"Ndiyo maana huko ulipata na huku ukakosa. Nikasema mkono wako hautulii."

Aliketi. Kisha akachukua kalamu, akamrudishia Futi alama nne za umbali na tano za mteremko, akajumlisha. Hamsini na tatu. Akamsogezea karatasi, kama mtu anayelipa na bado anaona hajalipa.

Hapo ndipo Futi alipotakiwa kushukuru na kuondoka. Alikuwa amejisemea njiani kwamba atafanya hivyo. Lakini kile kilichomnyima raha kule chumba cha vyerehani kilikuwa bado hakijamwacha.

"Kuna alama mbili ulizonipa ambazo si zangu, Mwalimu."

Akamfunulia mchoro wa mkato, ile picha ya ardhi kama iliyopasuliwa kwa kisu kutoka ukingo wa mto mpaka kileleni. Waliambiwa waseme wima imekuzwa mara ngapi kuliko mlalo. Yeye alichora wima kwa sentimita moja kwa mita mia, yaani moja kwa elfu kumi, akagawanya elfu hamsini kwa elfu kumi, akaandika mara tano, na mwongozo ukakubali. Lakini mchoro wake aliushusha moja kwa moja kutoka kwenye karatasi hii ndogo. Mlalo wake ulikuwa elfu sabini na moja. Milima aliyoichora ilikuwa imekuzwa mara saba na kidogo.

Mwalimu alimtazama kwa mshangao.

"Unajua hamsini ndiyo mpaka?"

"Najua. Itabaki hamsini na moja. Nimejumlisha kabla sijaja."

Mwalimu akazifuta zile mbili, akaandika hamsini na moja.

Kesho yake Mwalimu alikwenda kwa mkuu wa kituo na karatasi zote mbili, ya nakala na ya asili. Futi alisikia baadaye kwamba mkuu alitaka jambo liishie palepale: mwenye malalamiko ameridhika, orodha ipelekwe. Mwalimu akakataa. Akasema akisahihishiwa mmoja wasahihishiwe wote, la sivyo orodha ipelekwe na mtu mwingine. Jioni ile alisimama mbele ya darasa, bila chaki mkononi, akawaeleza alichokifanya na kwa muda gani, bila kujificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Swali la ramani lingefanywa upya Alhamisi, kwa ramani halisi, watu wanne wanne wakizunguka meza. Kuhusu wale sita hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba mtu anaweza kujua umbali wa barabara bila kujua barabara, na kwamba Alhamisi atauliza mto, si barabara.

Mmoja wa sita, mhudumu wa duka la dawa, alimfuata Futi mlangoni uso umemshuka, akamwomba amwonyeshe namna ya kulaza uzi kwenye kona. Futi alimwonyesha, kwa uzi mweusi, juu ya ukuta wa veranda, mpaka walipofukuzwa na mfagizi. Alhamisi mhudumu yule alipita. Wawili kati ya sita hawakupita. Futi alipata alama zote za ramani, na jina lake likaenda na orodha ya Ijumaa.

Matokeo ya taifa yalipotoka, jiografia yake ilikuwa ya wastani, si ya kutangazwa redioni, lakini ilimtosha. Chuo kilimpa barua ya ajira ya kudumu. Mume aliisoma mara mbili kwa sauti, kisha akataka kujua kama sasa mkewe atamheshimu yeye kama mtaalamu wa milima.

Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa ametoa madaftari ya miaka kumi na moja na kuandika majina ya waliokatwa kwa alama chache, ambao pengo lao lingezibwa na zile alama tisa za ramani. Walikuwa kumi na saba. Wengine walikwisha kuhama, mmoja alifariki. Waliobaki aliwatafuta mmoja mmoja, kwa miguu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mara ya kwanza alimwomba Futi amsindikize, kwa sababu, alikiri, hakujua ataanzaje.

Wa kwanza alikuwa kinyozi. Walimkuta ananoa wembe kibandani, hana mteja. Alimtambua Mwalimu papo hapo, akamvutia kiti, akakipangusa. Mwalimu hakukaa. Aliitandaza ile nakala juu ya meza ya vioo na mafuta ya nywele, akaanza kueleza, akajikanyaga, akarudi mwanzo. Futi akaona ni afadhali asimsaidie. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka wembe chini, akauliza kwa utulivu:

"Kwa hiyo miaka sita yote hii, niliyopima yalikuwa sahihi?"

"Ulipima sahihi," Mwalimu alisema. "Karatasi niliyokupa mimi ndiyo haikuwa sahihi. Nisamehe."

Kinyozi aliitazama ramani, akafuata barabara kwa kidole kutoka darajani mpaka sokoni. Alisema kwamba siku ile alipoangushwa alikwenda nyumbani akampa mdogo wake rula na kipimapembe, akamwambia yeye kichwa chake hakina nafasi ya vitu hivyo. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mtu mwingine. Kisha akauliza uandikishaji wa mwaka huu unafungwa lini.

Mwalimu alimwambia. Kinyozi akavuta kiti kwa mara ya pili, akakipangusa tena ingawa kilikuwa safi, na safari hii Mwalimu akakaa.